Kioo Kikitulia, Usikiamini

Jumatatu, tarehe kumi na saba ya mwezi wa pili, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, niliitwa ofisini nikiwa nimeacha moto ndani ya boila. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimetoka kuiandika kwenye daftari la zamu: saa mbili kasoro robo, mvuke saba, maji nusu ya kioo cha kupimia, alama ya vema. Wino haujakauka, mlinzi wa getini akachungulia mlangoni.

"Mvuke, unaitwa kwa Mama Utumishi."

"Nani anabaki na moto?"

"Wamesema uje hivyo hivyo."

Hapo ningepaswa kujua. Miaka ishirini na miwili pale kwenye kiwanda cha vitambaa sikuwahi hata siku moja kuambiwa niache moto hivyo hivyo. Mke wangu alipozidiwa, miaka mitatu iliyopita, hospitali walipiga simu saa nne asubuhi. Niliomba ruhusa ya saa mbili tu. Msimamizi hakuinua hata macho. "Boila haiachwi kwa mtu asiye fundi," alisema, "na fundi ni wewe. Subiri zamu iishe." Nikasubiri. Nilipofika wodini kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi, na muuguzi akaniuliza mimi ni nani kwake.

Basi nilivua glavu, nikaenda.

Mama Utumishi ni mwanamke mpole. Huo ndio ubaya wao, siku hizi wakubwa wanatuma wapole. Aliniambia mzee wetu kaa, mzee wetu unywe maji. Kisha akasema kampuni imepitia upya muundo wake, na huduma ya boila kuanzia leo itatolewa na mkandarasi.

"Mkandarasi ndiye nani?"

"Kampuni nyingine, mzee wetu. Wanaleta watu wao."

"Watu wao wanaijua boila hii?"

"Kuna mwongozo."

Akanisogezea karatasi tatu: barua ya kusitishwa, fomu ya kukabidhi vitu, na cheti cha utumishi. Mimi shule niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole. Jina langu lilikuwa sawa. Tarehe ya kuanza kazi waliandika mwezi wa kumi na moja uliopita. Chini yake palikuwa na neno Kazi, na mbele ya neno hilo kidole changu kikakwama. Nilisoma mara mbili nikidhani macho yamechoka na moto.

"Mama, hapa mmeandika kibarua."

"Ndivyo ilivyo kwenye kumbukumbu."

"Kibarua ni yule anayebeba majora. Mimi nimetunza boila miaka ishirini na miwili. Huyu wa humu ndani simjui."

Akafungua faili. Ndani mlikuwa na mikataba ya miezi mitatu mitatu, ya miaka sita nyuma, imepangwa kama mikate, na kila mmoja una sahihi yangu chini. Nikaikumbuka. Kila baada ya miezi mitatu karani wa stoo alikuja kwenye chumba cha boila na jozi mpya ya glavu, na karatasi mbili zimebanwa pamoja. Tia sahihi hapa umepokea glavu, na hapa. Mikono yangu imejaa masizi, naogopa kuchafua karatasi ya watu, naharakisha. Ile ya juu ilikuwa ya glavu. Ile ya chini sikuwahi kuiuliza. Miaka sita nilijiuza kwa glavu, na glavu zenyewe zilikuwa zinapasuka gumba.

"Ukitia sahihi cheti hiki," Mama Utumishi alisema taratibu, "tunagonga muhuri, unakipeleka mfuko wa hifadhi ya jamii, unaanza kushughulikiwa. Usipotia, faili linabaki hapa."

"Na nikitia, nimekubali kuwa nilianza mwezi wa kumi na moja."

Alinijazia maji glasi ambayo sikuwa nimeigusa.

Cheti nilikiacha mezani bila sahihi. Fomu ya kukabidhi niliizungusha, hiyo sikuwa na ugomvi nayo. Stoo wanasaini umerudisha ovaroli. Kantini wanasaini hudaiwi. Ulinzi wanasaini umerudisha kitambulisho. Nilizunguka kiwanda kizima nikiomba sahihi za kuondoka, kama mtu anayekusanya michango ya mazishi yake mwenyewe. Mwisho nikarudi chumba cha boila kuchukua kikombe changu cha chai.

Palikuwa na mwanamume mwenye kifua kipana amevaa ovaroli mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Na ukutani, juu ya kiti changu, kadi kubwa imefunikwa plastiki. Kipengele cha kwanza: Gusa mlango wa tanuri kwa mgongo wa mkono, usiguse kwa kiganja. Cha pili: Kuni mbichi zitangulie pembeni zikauke. Nilisoma hadi cha nne, nikaacha. Yalikuwa maneno yangu. Hata hilo la mgongo wa mkono ni langu. Mke wangu ndiye aliyenifundisha, kwa sufuria.

*

Hapa nieleze ya Miwani.

Miezi minne kabla, walimleta mhandisi kijana mwenye miwani mikubwa, tukamwita hivyo. Alikaa na mimi wiki tatu nzima. Asubuhi hadi jioni ananiuliza, naye anaandika. Mvuke ukishuka hadi tano unafanya nini? Unajuaje kuni zimelowa? Boila unaifungulia chini iteme tope mara ngapi kwa zamu? Sijawahi kuulizwa hivyo maishani. Nilikuwa naondoka nyumbani mapema kuliko kawaida ili nisimcheleweshe. Nilinyoa ndevu kila siku. Nilimwambia mkaza mwanangu, naye ndiye ninayeishi naye kwa kuwa mwanangu anaendesha malori na nyumbani huonekana kama mwezi mwandamo, nikamwambia: "Hatimaye wameniona. Wananiandika."

"Wanakuandika wapi, baba?"

"Kitabuni. Labda nitafundisha wengine."

Sikukosea sana. Nimefundisha wengine.

Watu husema asante ya punda ni mateke. Kwetu punda nilikuwa mimi, na mateke nikapigwa mimi vilevile.

*

Kukosa kazi si kupumzika. Anayesema hivyo hajawahi kukosa. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja bila kengele, nikavaa, nikafunga kamba za viatu, ndipo miguu ikaniuliza tunakwenda wapi. Nilikaa kitandani na viatu vyangu hadi jua likapanda. Kwa kuwa vile viatu vya kazi havikuwamo kwenye fomu yao, vimebaki vyangu. Hicho ndicho kiwanda nilichorithi.

Wiki ya pili niliacha kunyoa. Wiki ya tatu niliona nimekula chakula cha mchana nikiwa na shuka kiunoni, na mkaza mwanangu amegeukia dirishani asinione. Hapo nikaogopa. Nimeyaona maboila yanavyokufa. Hayapasuki kama watu wanavyodhani. Mengi huachwa tu baridi, na kutu inaanzia ndani, sehemu isiyoonekana, hadi siku ya kuyawasha unakuta ni ganda.

Nikanunua daftari. Nikalichora mistari kama lile la zamu: saa, hali, alama. Mimi maneno yananitesa, lakini tarakimu na alama ya vema tumezoeana. Saa kumi na moja, kuamka, vema. Saa kumi na moja na nusu, kunyoa, vema. Saa kumi na mbili, kufagia uwanja. Saa moja, tangi la maji. Saa mbili, kutoka. Nilitoka kweli, sikumdanganya mtu kwamba naenda kazini. Jumanne na Ijumaa ofisi ya kazi ya serikali, nilikopeleka lalamiko langu, siku nyingine kupita karakana, viwanda vya sabuni, hospitali, popote penye bomba la moshi, nikiuliza kama wana boila. Wakisema tunayo, wanauliza cheti. Cheti kiko kwenye faili la Mama Utumishi na kinasema kibarua. Wakisema hawana, nashukuru, naandika alama ya vema. Zamu ni zamu hata mvuke ukikosekana.

Jirani yangu, fundi cherehani anayeshona barazani, alilitazama daftari siku moja nikipita.

"Mvuke, na mimi niandike. Saa nne, fundi amekaa. Saa tano, fundi bado amekaa."

"Wewe una cherehani. Ukikaa unaonekana unafanya kazi."

"Nikuazime moja iliyokufa, ukae nayo hapa. Watu wakipita unakanyaga tu."

Tulicheka. Halafu nikaona ameacha kucheka kabla yangu, nikajua nimecheka vibaya.

Mkaza mwanangu hakucheka. Siku moja alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuniangalia, "Baba, tia sahihi. Neno ni neno tu. Mfuko utakupa kidogo, hata hicho kidogo ni chako."

"Mama yenu alikufa nikiwa fundi," nikamwambia. "Walinizuia kwa sababu nilikuwa fundi. Leo nikikubali kwamba nilikuwa kibarua, basi siku ile nilikuwa na ruhusa ya kwenda. Kibarua yeyote angekwenda. Nitamwambia nini mama yenu, kwamba nilikaa bure?"

Aliacha mchele. Tangu siku hiyo hakunitajia tena sahihi.

Ofisi ya kazi wana benchi refu limeng'aa kwa makalio ya watu. Karani wa pale ni mtu wa haki, nisimsingizie, lakini haki yake ina tarehe. Alisema lalamiko langu limepokelewa, nipeleke ushahidi kwamba nilikuwa mtunza boila. Nikamwambia ushahidi ni madaftari ya zamu, ya miaka ishirini na miwili, yako kabatini mwao. Na kitabu cha mkaguzi wa serikali, anayekuja kila mwaka kuipima boila na kuandika nani anaitunza, nacho kiko mle. Akasema tutawaandikia watuletee. Kuwaandikia kulichukua wiki tano. Wao kujibu, hadi leo. Mwakilishi wa chama cha wafanyakazi nilimfuata kwake; alisema alishirikishwa kwenye kupunguza watu na alitia sahihi, ila hakuletewa orodha ya majina. Mtu anatia sahihi karatasi isiyo na majina, halafu mimi ndiye nisiyejua kusoma.

*

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi, zamu ya tangi. Tangi letu la maji ya mvua liko nyuma ya jiko, na mwanangu alilifungia mpira mwembamba unaopitisha mwanga ubavuni, ili uone maji yamefika wapi bila kupanda ngazi. Chini ya mpira kuna kibomba kidogo. Mimi hukifungua kwanza, kinatema maji kidogo, nakifunga, nangoja yapande tena, ndipo nasoma.

Mkaza mwanangu alikuwa anaanika nguo. "Baba, kwa nini kila siku unalitemesha kwanza? Si maji yanaonekana?"

"Yanaonekana ndiyo. Lakini uchafu ukiziba kule chini, mpira unabaki na maji ya jana. Tangi linakauka, wewe unaona limejaa. Ukilitemesha, likipandisha upesi linasema kweli. Likipandisha kwa kujikokota, linakudanganya."

"Kumbe."

"Kwenye boila ndiyo..."

Nikalifunga daftari kabla ya kuandika vema.

Kwenye boila ndiyo hivyohivyo, na ndiyo hatari yenyewe. Maji yakishuka chini ya mabomba ya moto, chuma kinakuwa chekundu, na mtu akiona hivyo akafungulia pampu ya maji baridi, basi hapo inalipuka, hakuna cha fundi wala kibarua, wote wanaokotwa kwa mabati. Boila yetu ilikuwa na vioo viwili. Cha pili kilipasuka mwaka juzi, wakaziba kwa muda, na huo muda mpaka siku ile ulikuwa haujaisha. Cha kwanza tundu lake la chini lina ugonjwa wa kuziba. Mimi nilikitemesha kila saa. Mkono ulikwenda wenyewe, kama mtu anavyojifuta jasho.

Nilijaribu kukumbuka wiki zile tatu na Miwani. Nilimwambia kuni, nilimwambia tope, nilimwambia mlio wa pampu ikichoka. Aliniuliza, "Maji unayasomaje?" Nikamjibu, "Naangalia kioo." Akaandika: Angalia kioo. Kutemesha sikukutaja. Sikuficha, Mungu ni shahidi. Sikujua kwamba nafanya.

Sitasema nilikimbia. Nilioga kwanza. Nilivaa shati la Ijumaa. Na wazo lililokuwa kichwani wakati nafunga vifungo halikuwa la wema, nalisema kama lilivyokuwa. Niliwaza: hatimaye nina kitu wanachokitaka.

Getini mlinzi, ambaye miaka yote alinipigia saluti ya mzaha, alinipa kitabu cha wageni. "Andika unamwona nani, Mvuke. Samahani. Ni utaratibu." Mama Utumishi alishuka mwenyewe hadi kibanda cha mlinzi. Ndani hawakuniruhusu.

"Kadi yenu ina pengo," nikamwambia. "Kitu kimoja hakimo, na ni cha hatari."

"Kitu gani, mzee wetu?"

"Rekebisheni neno kwanza. Neno moja, na tarehe. Hapo nitasema."

Aliangalia saa yake. "Cheti kinatoka makao makuu. Hakiko mikononi mwangu. Lakini naweza kukuombea siku moja ya kukaa na mhandisi, tukulipe kama..." Akasita.

"Malizia."

"Kama kibarua wa siku."

"Asante," nikasema. "Basi nitakaa nacho."

Alipanda ngazi. Nikatoka nje ya geti, miguu mizito kama nimebeba zamu mbili. Nilikuwa nimeshinda, nadhani. Na ushindi wenyewe ulikuwa mchungu mdomoni kama sarafu.

Pale ukutani, upande wa chumba cha boila, kuna mlango mdogo wa chuma wenye nondo, wa kupitishia kuni. Yule mwenye kifua kipana, Kifua nilivyomwita moyoni, alikuwa amekaa hapo anatafuna mkate. Alinitambua.

"Wewe ndiye mwenye kikombe," akasema. "Ulikisahau siku ile. Nimekuwekea."

Nilikuwa nimekisahau kweli.

"Inakusumbua?" nikamuuliza, nikionyesha chumba kwa kidevu.

"Aa, wapi. Wenzangu walinitisha, wakasema boila ni mke mwenza. Kumbe imetulia. Kile kioo tangu saa moja hakijatingishika hata unywele. Nusu kabisa. Pampu sijaiwasha asubuhi nzima, naokoa umeme wa watu."

Sasa ilikuwa saa nne kasoro. Mashine zote za kutia vitambaa rangi zinavuta mvuke, na kila mvuke unaotoka ni maji yaliyotoka. Kioo kilicho hai hutetemeka. Maji ndani yake hupumua, juu chini, juu chini. Kisipotetemeka, unaangalia maji ya zamani.

Sikukumbuka neno. Sikukumbuka cheti. Mtu akikwambia niliwaza hiki na kile wakati wa hatari, huyo hakuwepo.

"Weka mkate chini," nikasema. "Sikiliza. Usiguse pampu. Umesikia? Pampu usiiguse. Nenda kafunge milango ya hewa ya tanuri, yote miwili, na kuni usiongeze hata kijiti. Kisha simama ubavuni mwa kioo, usisimame mbele. Fungua kile kibomba cha chini, hesabu tatu, funga. Angalia maji yanavyorudi. Yakiruka juu mara moja, mimi ni mzee mwoga, nicheke. Yakijikokota, au yasiporudi, funga mvuke taratibu, toa watu wote, ngojeni ipoe."

"Kadi haikusema..."

"Kadi niliisema mimi! Nenda!"

Akaenda. Mtu mkubwa vile, alikimbia kwa vidole kama anaogopa kuamsha mtoto.

Nilibaki nimeshika nondo. Nilisikia mlango wa hewa ukibamizwa, wa kwanza, wa pili. Nikasikia kibomba kikipiga mluzi, kikanyamaza. Nikahesabu. Nilifika arobaini na kitu, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Kisha nikasikia kitu ambacho miaka ishirini na miwili nilikisikia siku za sikukuu tu: mashine za rangi zinasimama, moja baada ya nyingine, hadi kiwanda kizima kikanyamaza na ndege wakasikika.

Watu walitoka uani na aproni zao za bluu na nyekundu, wakiulizana. Kifua alikuja mwisho. Shati limemgandia.

"Hayakurudi," akasema. "Niliyafungua yakatoka kidogo, kama machozi. Nikafunga. Hayakurudi kabisa, mzee."

"Pampu?"

"Mkono ulikwenda kwenye swichi. Nikasikia sauti yako."

Alikaa chini kwenye majivu. Mimi pia nikakaa, upande wangu wa ukuta. Baadaye akanyoosha mkono kati ya nondo, akanipa kikombe changu.

*

Boila ilipoa siku mbili. Walikuja mafundi kutoka mbali, wakazibua tundu, na kile kioo cha pili kikapatikana, kumbe duka lilikuwepo siku zote. Kifua alinipitia nyumbani Jumapili, ameleta mkate na picha kwenye simu yake. Kadi mpya. Kipengele cha kumi na tisa: Temesha kioo kila saa. Kioo kikitulia, usikiamini.

"Nilimwambia yule mwenye miwani maneno yako kama yalivyo," akasema. "Akauliza nimeyatoa wapi. Nikasema kwa fundi wa boila. Akasema, fundi yupi? Nikamwambia, yule mliyemwita kibarua."

"Akasema nini?"

"Akafuta miwani."

Mkaza mwanangu alicheka hadi akashika ukuta. Mimi nilicheka kidogo. Usinielewe vibaya, nilifurahi kwamba mtu yule ana watoto wanne na wote bado wana baba. Lakini nilipomsindikiza na kurudi, nilijua nilichokuwa nacho nimekitoa bure, na faili liko palepale. Mama Utumishi alinipigia simu siku ya pili yake kunishukuru kwa niaba ya uongozi. Nikamuuliza cheti. Akasema uongozi unathamini sana. Nikamuuliza tena cheti. Simu ikawa na upepo.

Naamka bado saa kumi na moja. Nanyoa. Siku ile ya Alhamisi nimeiandika kwenye daftari: saa nne kasoro, maji hayarudi, vema. Karani wa ofisi ya kazi alipoiona alisema daftari la nyumbani si ushahidi. Lakini aliomba ile picha ya kadi, akaitazama muda mrefu, akanipa karatasi nyeupe. Akasema niandike swali moja, fupi, nilitie sahihi, yeye atalipeleka kwao na muhuri wa serikali, na hilo watalazimika kulijibu.

Safari hii nilisoma karatasi yote kwanza, juu na chini na nyuma. Hapakuwa na ya pili. Nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikachukua benchi zima kama meza, na karani hakunihimiza. Muhuri uligongwa tarehe nne. Leo ni tarehe ishirini na sita, na kila Jumanne na Ijumaa napita kuuliza kama limejibiwa.

Niliandika hivi: Ikiwa mimi nilikuwa kibarua aliyeanza mwezi wa kumi na moja, ile kadi iliyo ukutani mwenu, vipengele vyote kumi na tisa, mliandikiwa na nani?